Kujua umri wa jiwe bila kujua stronti ya mwanzo: jibu langu kutoka maabara

"Mnasema rubidi-87 inageuka kuwa stronti-87, sawa. Lakini jiwe lilizaliwa likiwa tayari na stronti yake. Hakuna aliyekuwepo kuipima. Sasa mnajuaje umri, si mnakisia mwanzo halafu mnapata jibu mnalotaka?"

Mkuu, ungekuwa na madini ya aina moja tu ungekuwa sahihi kabisa. Nitakuonyesha kwa jiwe nililolifanyia kazi nikiwa mwanafunzi, nisi, mwamba wenye mistari, ya rangi ya kijivu kutoka mashariki mwa Dodoma, ukingoni mwa ukanda wa Msumbiji, ambako miamba ya kale ilipikwa upya chini ya ardhi. Namba nimezisawazisha ili uweze kufuata hesabu kwa kikokotoo cha simu.

Kwanza, hatupimi stronti-87 peke yake. Tunaipima ikilinganishwa na stronti-86, ambayo haizalishwi na kuoza kwa kitu chochote, kwa hiyo kiasi chake hakibadiliki. Jiwe likiwa la moto kiasi cha kuruhusu stronti kuhamahama, isotopi hizi mbili huchanganyika hadi uwiano wake unakuwa mmoja kila mahali. Fuwele zinapojijenga haziwezi kuzibagua, maana kikemia ni kitu kilekile. Kwa hiyo plajioklesi, feldispa ya potasi na ulanga mweusi (biotaiti) zote huanza na uwiano uleule wa stronti. Zinachotofautiana ni rubidi. Ulanga huipenda sana kwa sababu inakaa mahali pa potasi. Plajioklesi inaikataa karibu yote na kuchukua stronti nyingi badala yake.

Sasa chora grafu. Mhimili wa ulalo ni rubidi-87 kwa stronti-86, wa wima ni stronti-87 kwa stronti-86. Siku ya kwanza nukta zote zinalala kwenye mstari wa ulalo. Muda unavyokwenda, kila nukta inapanda kulingana na rubidi iliyonayo: ulanga unapanda sana, plajioklesi haisogei kwa macho. Mstari unanyanyuka kama mlango kwenye bawaba, na bawaba iko kwenye mhimili wa wima, pale ambapo rubidi ni sifuri. Mteremko wa mstari unakupa umri. Bawaba inakupa ule uwiano wa mwanzo uliosema hakuna aliyekuwepo kuupima. Huo mstari ndio tunaouita isokroni, na aliyeuweka kwa namna hii ni Louis Nicolaysen wa Afrika Kusini, mwaka 1961.

```
Sr87/Sr86 (leo) = Sr87/Sr86 (mwanzo) + Rb87/Sr86 × (e^(λt) − 1)
t = umri kwa miaka
λ = kasi ya rubidi-87 kuoza = 1.3972 × 10^-11 kwa mwaka
```

Jiwe letu lilitoa hivi:

```
               Rb87/Sr86   Sr87/Sr86
plajioklesi      0.10       0.7478
jiwe zima        1.5        0.7586
feldispa-K       4.0        0.7779
ulanga mweusi   60          1.2098
```

Chukua ncha mbili, ulanga na plajioklesi. Tofauti ya wima ni 0.4620, ya ulalo ni 59.9, mteremko 0.00771. Ongeza 1, tafuta logi asilia, gawanya kwa λ: miaka milioni 550. Hizo nyingine mbili zinaangukia kwenye mstari huohuo. Ukiurudisha mstari nyuma hadi rubidi sifuri unakata mhimili kwenye 0.7470.

Sasa jaribu njia unayotushtaki nayo, ya kukisia mwanzo. Tuseme nimeamua mwanzo ni 0.702, namba inayofaa kwa magma ya kale iliyotoka kwenye vazi la dunia. Ulanga utanipa miaka milioni 603. Feldispa itanipa milioni 1,345. Plajioklesi itanipa miaka bilioni 27, karibu mara mbili ya umri wa ulimwengu wote! Madini matatu ya jiwe moja, umri tatu. Makisio mabaya hayawezi kujificha mbele ya madini kadhaa.

Lakini ile 0.7470 ndiyo iliyonishika mimi. Ni kubwa mno. Magma changa haitoki kwenye vazi na uwiano kama huo. Stronti ile ilikaa muda mrefu pamoja na rubidi kabla ya miaka milioni 550 iliyopita. Maana yake isokroni ya madini haikupima kuzaliwa kwa jiwe. Ilipima siku lilipopashwa moto, stronti ikachanganyika upya kati ya fuwele na fuwele, mlango ukarudishwa ulalo. Ila kama stronti ilihama sentimita chache tu, jiwe zima kama kipande kikubwa halikupoteza kitu. Nukta ya jiwe zima ukiihesabu na 0.702 inatoa takriban miaka milioni 2,650, na huo ni umri wa kawaida kwa matale ya kratoni ya Tanzania, kile kipande cha kale na kigumu cha ganda la dunia. Hapo bado nimekisia, nakubali. Ili kuuthibitisha bila kukisia unahitaji vipande vikubwa kadhaa vya mwamba huohuo, vyenye rubidi tofauti, uchore isokroni ya mawe mazima.

Mahali panapoharibika ni mezani, kabla hata ya mashine. Mara ya kwanza nukta yangu ya ulanga ilianguka chini ya mstari, mbali kuliko kosa la kipimo linavyoruhusu. Nikarudi kwenye hadubini na mabaki ya sampuli. Vibapa nilivyovichagua kwa sindano vilikuwa vyeusi katikati, lakini kingo zake zilikuwa na ukijani na havikurudi vilipokunjwa; ulanga mzima ukiukunja kidogo unaruka kama chemchemi. Ulikuwa umeanza kugeuka kloraiti, na maji yaliyoufanya hivyo yalipita na stronti yake. Nilichagua upya siku mbili nzima, vibapa vyeusi vinavyong'aa tu.

Kosa jingine la hatari ni kwamba rubidi-87 na stronti-87 zina uzito karibu sawa, na spektromita ya masi haiwezi kuzitenganisha. Lazima utangulie kuzitenga kikemia, sampuli ikipita kwenye safu ya resini kwa asidi. Tunaangalia rubidi-85 wakati wa kupima: ikionekana, rubidi imevuja na stronti-87 yako imeongezewa uongo.

Na usiamini kila mstari ulionyooka. Magma mbili zikichanganyika kwa viwango tofauti, mawe yake mazima yatapanga mstari safi usio na maana yoyote ya umri. Chora uwiano wa stronti dhidi ya 1 gawanya kwa kiasi cha stronti. Ukipata mstari mzuri hapo pia, shuku mchanganyiko kwanza.

Ulanga una jambo lake pia. Stronti inaendelea kuuvuja hadi upoe kwenye nyuzi 300 hivi. Mahali ambapo milima ilipoa polepole, nukta yake hukaa chini ya mstari wa wenzake hata ukiwa mzima na mweusi kabisa, na ukiuunganisha na jiwe zima pekee unapata tarehe ya kupoa. Ndiyo maana siku hizi kwenye ukanda ule nachora feldispa na plajioklesi kwanza, halafu naangalia ulanga umeanguka wapi.