Kosa kubwa ni la nani?

“Binti yangu alimwaga ndoo ya korosho akimsaidia bibi yake hapa Mikindani. Kaka yake aliiba kiganja kimoja. Mdogo wao wa miaka 5 anasema dada ndiye mkosaji zaidi. Nimkemee?”

Hapana, dada yangu, usimkemee. Mwaka 1932 Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kwamba watoto wadogo hupima kosa kwa ukubwa wa hasara; nia huja kupewa uzito baadaye, wakifika kama miaka 9 au 10. Lakini nia ikiwekwa wazi, hata mdogo huanza kuiona. Muulize: “Dada alitaka zimwagike? Kaka alijua si zake?” Umwache afikiri. Kisha dada aziokote, kaka azirudishe kwa bibi. Zaidi, angalia adhabu zako: anayevunja kikombe kwa bahati mbaya akichapwa zaidi kuliko anayedanganya, mdogo ataendelea kupima hasara tu.