Barua ya mwaliko kwa mgeni wa nje: tarehe na sababu ya ujio

Ndugu zangu mnaoanza kazi za ofisi hapa Tabora, siku moja mwenyekiti atakuambia umwandikie barua ya mwaliko mgeni anayetoka nje ya nchi. Utatafuta barua ya zamani kwenye kompyuta, ubadilishe jina na utume. Usifanye hivyo kabla hujapata majibu ya maswali mawili: mgeni anakuja kufanya nini hasa, na atakuwa wapi kila siku atakayokaa nchini.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wafugaji nyuki kinachomwalika mnunuzi wa asali kutoka Ujerumani. Mikutano imepangwa kuanza Jumatatu tarehe 8 hadi Alhamisi tarehe 11 Juni 2026. Wengi wataandika tarehe hizo nne na kuishia hapo. Lakini tiketi ya mgeni itaonyesha kwamba anatua Dar es Salaam tarehe 6 na kuondoka tarehe 14, maana kuna safari ya kufika Tabora na ya kurudi, na ni busara kuacha siku ya akiba kama ndege ya ndani ikiahirishwa. Afisa anayepitia maombi ya viza ya mgeni ataona siku ambazo barua haizisemi, naye ana haki ya kuuliza zinahusu nini. Kwa hiyo barua itaje yote mawili, muda wa kukaa nchini na siku za mikutano:

"Tunamwalika kuanzia tarehe 6 hadi 14 Juni 2026. Tarehe 8 atakutana na bodi ya chama mjini Tabora kujadili bei na kiasi cha asali. Tarehe 9 na 10 atatembelea vituo vya kukusanyia asali wilayani Sikonge na kuchukua sampuli. Tarehe 11 atarudi mjini kusaini muhtasari wa makubaliano. Siku zilizobaki ni za safari kati ya Dar es Salaam na Tabora."

Mwezi uandikwe kwa herufi. Ukiandika 8/6/2026, aliyezoea mpangilio wa Marekani atasoma tarehe 6 Agosti, na barua itapingana na tiketi bila wewe kujua.

Sasa sababu ya ujio. Maneno kama "kudumisha ushirikiano" hayamsaidii afisa, kwa sababu hayamwonyeshi mgeni atafanya nini, na shughuli ndiyo inayoamua aina ya viza. Viza ya kawaida ya dola 50 ni ya utalii, likizo, kutembelea ndugu, matibabu na mambo ya namna hiyo. Mnunuzi wetu anakuja kujadili bei na kusaini makubaliano, kwa hiyo aombe viza ya biashara, ambayo ni dola 250 na haizidi miezi mitatu. Fundi anayekuja kwa muda mfupi kufunga mashine ya kuchuja asali naye yumo kwenye kundi hilo. Najua viongozi wengine hushauri kuandika "kutembelea" ili mgeni alipe kidogo. Mimi sikubaliani nao kabisa. Akiulizwa uwanja wa ndege atasema ukweli kwamba anakuja kununua asali, na hapo barua yenu itakuwa ushahidi dhidi yake. Ada ya viza hairudishwi hata maombi yakikataliwa.

Mambo mengine ni mafupi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya pasipoti, uraia na cheo chake. Taja nani analipa nauli na malazi, na atalala wapi. Barua iwe na nembo ya chama, kumbukumbu namba, sahihi, muhuri, na simu ya mtu ambaye anajua habari za mgeni huyu, ili Uhamiaji wakipiga asianze kuuliza "mgeni gani?" Ambatisha nakala ya cheti cha usajili.

Mpe mgeni barua mapema, walau mwezi mmoja kabla ya safari, aipandishe pamoja na maombi yake kwenye visa.immigration.go.tz. Kwanza muulize uraia wake, kwa kuwa raia wa baadhi ya nchi lazima maombi yao yaidhinishwe na Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, na hao wanahitaji muda mrefu zaidi.

Tarehe za mkutano zikisogezwa, usifute kwa kalamu wala kubandika tarehe mpya juu ya ile ya zamani. Andika barua nyingine yenye kumbukumbu namba yake, useme wazi kwamba inachukua nafasi ya ile ya kwanza, kisha umwombe mgeni achapishe hiyo mpya na kuibeba kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku analokabidhi, maana atahitaji kuionyesha kwenye dirisha la Uhamiaji kabla hajachukua mizigo.