Peritonia, mesenteri na njia ambazo maji hupita tumboni

"Wakuu, niko mwaka wa kwanza wa utabibu. Peritonia naisoma na kurudia, haiingii. Mesenteri ni nini hasa, na hizo nafasi kati ya viungo zina maana gani kwa mgonjwa?"

Mkuu, mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwaka wa 11 sasa. Nami ilinisumbua hivyo hivyo, mpaka mgonjwa mmoja alipoifungua akili yangu. Nitakusimulia, ila kwanza pata picha hii.

Anika kanga kwenye kamba. Kamba ndiyo utumbo. Kanga imeuzunguka kwa juu, kisha pande zake mbili zinaning'inia zikigusana. Hizo pande mbili zilizogusana ndizo mesenteri, na katikati yake ndimo inamopita mishipa ya damu na neva za utumbo. Zifuate mpaka ukuta wa nyuma wa tumbo: pale zinaachana, moja inakwenda kushoto na nyingine kulia, zinautandika ukuta wote kwa ndani. Kumbe ni utando mmoja tu. Unapofunika kiungo ni peritonia ya viungo, unapotandika ukuta ni peritonia ya ukuta. Kati ya hizo mbili mna unyevu kidogo wa kulainisha, basi. Figo na sehemu kubwa ya kongosho hazimo humo. Ziko nyuma ya utando, kama kitu kilichobandikwa ukutani kikafunikwa na pazia.

Umewahi kupasua mbuzi? Ukivuta matumbo, utaona utando wenye mafuta uliotanuka kama sketi ya marinda: kiunoni finyu, pindo refu sana. Kwa binadamu pindo hilo ni utumbo mwembamba, kama mita 6, na kiuno chake, yaani shina la mesenteri, ni sentimita 15 hivi. Shina hilo limepita mshazari, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia karibu na nyonga. Ni ukuta mfupi unaogawa tumbo la chini. Maji yaliyo upande wake wa kushoto huteremka nyongani bila kizuizi, ya kulia hukwama juu yake.

Lakini pembeni kabisa, nje ya utumbo mpana, kuna mifereji miwili. Wa kushoto umezibwa juu na kano karibu na wengu. Wa kulia uko wazi: unaanzia kwenye mfuko ulio kati ya ini na figo ya kulia, unapita kando ya utumbo mpana, unafika kwenye kidole tumbo, kisha nyongani. Huo mfereji wa kulia ushike vizuri.

Sasa mgonjwa wangu. Kijana wa bodaboda, alikuwa akimeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo. Saa 2 usiku maumivu yalimchoma ghafla kwenye chembe cha moyo. Asubuhi alipofika, alionyesha kwa kidole chini kulia. Ikaandikwa kidole tumbo, picha ya eksirei ya kusimama haikupigwa, tukampasua pale chini. Kidole tumbo kilikuwa chekundu kidogo kwa nje tu, na pembeni yake yakatoka maji ya kijani kibichi. Daktari akanyamaza, akayatazama kwenye pamba, akasema, "Hii ni nyongo. Tupande juu."

Tulipofungua katikati, tundu lilikuwa mbele ya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, dogo kama punje ya mtama. Asidi na nyongo vilikuwa vimeteremka kwa ule mfereji usiku kucha. Peritonia ya viungo huumia bila kuonyesha mahali, lakini ya ukuta ina neva zilezile za ukuta wa tumbo, kwa hiyo maji yanapoigusa mgonjwa anaonyesha kwa kidole pale yalipofika, si yalikotoka. Ndiyo maana mwanzo wa maumivu una uzito kuliko mahali yalipo sasa. Ile picha ya kusimama ingeweza kutuonyesha hewa iliyotoroka kwenye tundu ikakaa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, ingawa si kila tundu huionyesha.

Daktari aliziba tundu kwa kipande cha omentamu, lile shela la mafuta linaloning'inia kutoka tumboni mwa chakula, tukaosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu.

Siku ya 6 homa ilirudi, na kwikwi, na bega la kulia likamuuma. Mfereji ule unapanda pia: mgonjwa akilala chali, mfuko wa kati ya ini na figo huwa chini, na kupumua huvuta maji kuelekea kiwambo. Neva ya kiwambo hutoka shingoni pamoja na za bega, ndipo bega likauma. Utrasaundi ilionyesha usaha kati ya ini na kiwambo. Ukatolewa kwa mrija, na wodini tukamweka nusu kuketi, mito mitatu mgongoni, ili kilichobaki kiteremke nyongani ambako ni rahisi kukifikia.