Wasifu wa kazi ya mbali

"Binti wa Ujiji kaandika anajua Slack, Trello na Zoom, na anajisimamia. Anafaa kazi ya timu ya Toronto?"

Kwa mistari hiyo tu, bado. Mtu yeyote anaweza kuorodhesha zana. Nachambua maombi ya kazi hapa Kigoma, na mimi ningeshika ule mstari wa chini wa wasifu wake ulioupita: "ripoti ya mauzo kila Ijumaa kwa ofisi ya Dar, kupitia Google Drive." Hapo kuna tarehe ya mwisho, bosi aliye mbali na kazi inayoonekana. Kaka aliyekujibu kabla yangu anasema asiyewahi kufanya kazi ya mbali asiitwe. Uzoefu una uzito kweli, ila huu nao ni uzoefu, hata kama hakuuita hivyo.

Pengo lake ni saa. Toronto wakianza saa 3 asubuhi, huku ni saa 10 jioni, na wakirudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa saa 11. Aliyewahi kuishi hivyo huandika anapatikana saa ngapi na anakabidhije kazi wenzake wakiwa wamelala. Yeye kanyamaza, basi muulize. Umeme na bando navyo uliza, wasifu hausemi.