Tashbihi na sitiari, "kama" sio kila kitu

"Jamani tashbihi na sitiari zinatofautianaje, kila nikiona neno kama naandika tashbihi halafu nakosa."

Unakosa kwa sababu unawinda neno badala ya kuangalia kinachofanyika. Chukua jamaa anayeishi kwa kunyonya wenzake. Ukisema "anang'ang'ania kama kupe" hiyo tashbihi, umeweka vitu viwili pembeni pembeni na kiunganishi kinaonekana, iwe kama, mithili ya, mfano wa au utadhani. Ukisema "yule ni kupe" umeshamgeuza mdudu kabisa, hiyo sitiari. Na sitiari haihitaji hata hiyo "ni", mtu anauliza tu "kupe wetu kaamka?" na wote mnajua anasemwa nani.

Sasa mtego wako uko hapa: "amevaa shati kama langu" sio tashbihi, ni mashati mawili kweli yanafanana, hakuna picha yoyote hapo. Na "kama unakuja niambie" ndo kabisaa, hiyo kama ni ya sharti. Tashbihi inataka vitu vya jamii tofauti, mtu na kupe, maneno na msumari.

Upande wa pili nao usikamatwe na "ni", maana "yule ni mwalimu" ni taarifa tu. Mi huwa najiuliza, nikiichukua sentensi ilivyo ni kweli? Mwalimu kweli, kupe hapana, ana miguu miwili na simu mkononi, basi hiyo ya kupe ndo sitiari.