Akiba ya mshonaji hupimwa mwisho wa Februari

Swali la wiki: “Kazi yangu ni ya mkono. Mwezi mmoja nafunga na dola mia tatu, mwezi mwingine ninapata mia moja kwa taabu. Kila mtu ananiambia niweke akiba ya dharura, lakini hakuna anayeniambia ni ya miezi mingapi. Nianzie wapi, na nisimame wapi?”

Mimi ni mshonaji katika kartiye ya Majengo, hapa Goma, na ninalea watoto wawili. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye kartiye yetu ikaamriwa kuhama, tulitembea kuelekea Sake nikiwa na dola 14 mkononi. Tulirudi mwezi wa Juni na cherehani nikaikuta salama, lakini wateja hawakurudi siku moja na sisi: tangu mlipuko hadi nilipopata tena kazi za kutosha kulisha nyumba zilipita wiki kumi. Nilipomaliza kulipa madeni ya wiki hizo nilinunua daftari, na jibu langu lote linatoka humo.

Mwenye mshahara anaposema “miezi mitatu” anajua ni miezi mitatu ya nini. Sisi tukipima kwa mapato tunapotea, kwa kuwa Agosti yangu na Januari yangu hazifanani hata kidogo. Kinachofanana mwezi hadi mwezi ni matumizi ya lazima, kwa hiyo hayo ndiyo ya kupimia. Nyumbani kwangu yalikuwa dola 170: kodi ya nyumba 40, chakula 80, makaa na maji 25, shule ya binti yangu wa sekondari 15, na 10 za nafasi ninapoweka cherehani. Uzi, vifungo na bitana sikuvihesabu hapo, kwa sababu huviondoa kwenye bei ya kazi kabla sijaita kitu chochote faida.

Kisha niliandika faida ya kila mwezi tangu Agosti 2021 hadi Julai 2022. Agosti ililetwa na sare za shule, nikapata 310, Septemba, shule zilipokaribia kufunguliwa na wazazi waliochelewa wakaja kwa haraka, 290, Oktoba 160, Novemba 170, Desemba, kwa ajili ya sikukuu na harusi, 280. Baada ya hapo Januari ikatoa 110 na Februari 120, kisha Machi 170, Aprili 190, Mei 200, Juni 180, na Julai 150. Nilipoweka 170 kando ya kila tarakimu, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelijua katika miaka yote ya kushona: kati ya dola 430 zilizozidi matumizi katika mwaka mzima, 370 zilitoka katika miezi mitatu tu, yaani Agosti, Septemba na Desemba. Ushauri wa kuweka kiasi kilekile kila mwezi ulikuwa umenishinda mara nyingi, na nilidhani ninakosa nidhamu, kumbe Januari sikuwa na kitu cha kuweka, na Agosti, nilipokuwa nacho, niliweka kidogo kama mwezi wowote na kilichobaki kikapotea katika mambo ambayo siyakumbuki.

Ndiyo maana sasa ninajilipa. Kila mwezi ninatoa 170 za nyumba, na chochote kinachozidi kinaingia kwenye akiba siku ileile mteja anapolipa, kabla sijafika sokoni. Katika mwezi mzito sisubiri mwisho wa mwezi: ninagawa 170 kwa majuma manne, na juma linapopata fungu lake, fedha za sare zinazofuata si za jikoni tena. Desemba peke yake nimeiachia dola 40 za sikukuu, kwa sababu mpango unaowanyima watoto Noeli huvunjwa na mama mwenyewe.

Tofauti ninayomwomba muulizaji aishike ni hii. Januari na Februari mapato yangu yalipungua kwa dola 110 chini ya matumizi, na kwa miaka mingi nililiita pengo hilo dharura. Si dharura, kwa kuwa linakuja kila mwaka na ninajua tarehe yake. Ni msimu. Mtu anayechanganya fedha za msimu na fedha za dharura hujiona ana akiba nzuri mwezi wa Desemba, ilhali sehemu yake imekwisha kuahidiwa kwa Januari. Tazama mwaka wangu wa kwanza, niliouanza Agosti 2022, na mapato yakawa karibu sawa na ya daftari. Mwisho wa Septemba nilikuwa na 260. Mwisho wa Desemba, baada ya sikukuu, nilikuwa na 320. Kisha Januari ikala 60 na Februari 50, zikabaki 210. Hizo 210 ndizo zilizokuwa akiba yangu ya dharura, si zile 320. Kila mmoja wetu ana Februari yake: mvuvi ataikuta mwezi mwingine, mwenye kuuza maharagwe mwezi mwingine, na atakayeandika mwaka mmoja ataiona bila kuambiwa na mtu.

Sasa idadi ya miezi. Sikuichagua kwa kusikiliza watu wa mishahara, bali nilijiuliza kazi yangu ikisimama kabisa huchukua muda gani kuanza tena. Nilikuwa na mifano miwili. Homa ya matumbo iliniweka kitandani wiki sita, na volkano iliniondolea kazi wiki kumi. Nilichukua ule mrefu zaidi nikaupandisha hadi mwezi kamili, nikapata mitatu. Lakini miezi ya shida haigharimu 170, kwa kuwa nafasi ya cherehani mimi mwenyewe huiacha, shule husubiri, na chakula hupungua. Kwangu mwezi mtupu ni 130. Upande mwingine, shida huja na gharama zake ambazo mwezi wa kawaida hauna, nami nilizikadiria 90: 30 za kusafirisha watu na vyombo, 60 za matibabu. Mitatu ya 130 ni 390, ukiongeza 90 ni 480. Hizo ndizo nilizotaka kuziona mwisho wa Februari, na kwa hiyo mwisho wa Desemba zinapaswa kuwa 590.

Kwa nini nisiende hadi miezi sita? Kwa sababu daftari linanionyesha kwamba, baada ya sikukuu, mwaka mzima huniachia 250 tu. Februari ya pili, mwaka 2024, nilifikia 460, pungufu ya 20, na ilikuwa imechukua miezi kumi na tisa. Miezi sita ingedai 390 nyingine, yaani zaidi ya mwaka na nusu bila kununua cherehani ya pili, na cherehani ya pili ndiyo ambayo ingeweza kuinua Februari yenyewe. Kadiri mapato yanavyokuwa madogo, ndivyo kila mwezi wa ziada unavyokula kazi ya kesho. Hata hivyo ningekwenda hadi minne au mitano kama ningekuwa ninamtegemea mteja mmoja tu, au kama nisingekuwa na jamaa nje ya Goma wa kunipokea. Nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi zisizoanguka pamoja, kwa mfano mwalimu na mshonaji, inaweza kusimama kwenye miwili.

Wengi wataniuliza kwa nini nisitegemee likelemba, ambapo tunachanga na kila mmoja hupokea kwa zamu, au chama cha akiba. Nimo katika vyote viwili na ninavipenda. Likelemba hunilazimisha kuweka, lakini zamu yangu ina tarehe, na ugonjwa hauijui tarehe hiyo. Mutualite yetu ya MUSO, ambayo ndiyo chama changu cha akiba, ina sanduku jekundu la msaada wa ugonjwa na msiba, nalo lilinisaidia nilipokuwa na homa ile, kwa sababu siku hizo mgonjwa nilikuwa mimi na wenzangu walikuwa wazima. Volkano ilipokuja tulikuwa sote barabarani, na sanduku la kijani, ambalo ndilo la mikopo, lilikuwa mikononi mwa wakopaji ambao nao walikuwa barabarani. Shida ya nyumba moja hubebwa na kikundi. Shida ya mji mzima kila nyumba huibeba kwa kile ilichokuwa nacho tayari, na katika mji wetu ni lazima kuhesabu ya aina hiyo.

Kosa langu kubwa lilikuwa la mahali, si la kiasi. Mwisho wa Desemba 2024 nilikuwa na 590 kamili, na 200 kati ya hizo zilikuwa benki. Mapigano yalipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yalifunga, na zile 200 zikawa tarakimu kwenye karatasi. Za simu zilikuwepo, lakini wakala baada ya wakala aliniambia hana noti, na aliyekuwa nazo alidai makato makubwa kuliko kawaida. Tuliishi Februari na Machi kwa 260, kwa fedha za nyumbani na kidogo nilichoweza kutoa kwenye simu, na mwezi wa Aprili kazi za kurekebisha nguo kuukuu zilianza kuja. Kiasi kilitosha, lakini kama ningekuwa nimeweka benki hata 400, kisingetosha.

Tangu hapo ninahesabu kuwa akiba ya dharura kile tu ninachoweza kukigusa bila kuomba ofisi ifunguliwe. Mwezi mmoja mtupu, 130, uko nyumbani, mwingi kwa dola na juma moja kwa faranga, noti ndogondogo, kwa sababu mwenye kuuza unga siku ya vurugu hana chenji. Dola zangu ninazikagua moja moja, kwa kuwa hapa kwetu mpasuko mdogo ukingoni unatosha noti kukataliwa, na noti iliyokataliwa siku ya kukimbia si fedha. Sehemu ya pili iko kwenye simu, katika akaunti ya dola iliyo mbali na ile ya faranga ninayoitumia kila siku, na laini imeandikishwa kwa jina langu mwenyewe. Ya tatu anaishika dada yangu huko Butembo, na tumeiandika katika madaftari yote mawili.

Muulizaji ataona kwamba siwezi kumpa idadi yake. Lakini anaweza kuanza leo hata bila daftari la mwaka: apige hesabu ya mwezi mmoja mtupu wa nyumba yake, na mwezi wake mzito unaofuata aukusanye huo kwanza, noti kwa noti, kabla ya kuwaza wa pili. Mimi mwezi huo wa kwanza niliukamilisha kwa mauzo ya Agosti moja.