Kabla ya kuchora, uliza walivyoshinda jana

Mdogo wangu unayeanza kuchora ramani za nyumba, mteja akikwambia "nataka vyumba vinne, masta, na sebule kubwa", ujue bado hajakwambia shida yake. Amekutajia nyumba ya jirani.

Nilijifunza hilo kwa familia moja ya Isevya, hapa Tabora. Baba ndiye aliyeongea peke yake, nami nikachora siku hiyohiyo. Ramani ikapendwa, kisha ikakataliwa na mama mwenye nyumba. Nikarudi na daftari tupu, nikaomba wakae wote, na bibi awepo. Sikuuliza wanataka nini. Niliuliza jana ilikwendaje, tangu wa kwanza kuamka hadi wa mwisho kulala.

Hapo mambo yakatoka. Mama anapikia mkaa uani, na jiko la ndani alilitaka la gesi, kwa chai tu. Watoto wawili wako bweni, hulala nyumbani wakati wa likizo. Bibi huamka mara tatu usiku kwenda chooni, na magoti yanamsumbua. Wageni wa baba huishia barazani.

Kila jambo niliandika kama tendo, si kama chumba. Badala ya "chumba cha bibi" niliandika: "Bibi afike chooni usiku bila kupanda ngazi na bila kupita sebuleni." Sentensi ya namna hiyo unaweza kuishika mkononi, ukailinganisha na mchoro, ukasema ndiyo au hapana. "Sebule kubwa" huwezi kuipima, basi uliza watu wangapi hukaa humo na viti gani wanavyo.

Halafu piga hesabu ya eneo, maana ndipo ndoto hukutana na mfuko. Orodha ya baba ilikuwa na mita za mraba 98 za vyumba vitupu. Kwa makadirio ya mwanzo mimi huongeza asilimia 30 kwa ajili ya kuta na korido, ikawa kama 127. Fedha yao ilitosha 100 hivi. Wenyewe wakaona watoto wa bweni watumie chumba kimoja, meza ya chakula ikae sebuleni, na jiko la ndani lipungue kwa kuwa lile la uani lipo. Tukabaki na 74, na kwa nyongeza ileile, 96. Bado nilikuwa sijachora hata mstari wa ramani mpya.

Andika pia wataingia lini. Wengi wetu hujenga kidogo kidogo, kwa hiyo niliandika vyumba vipi vipauliwe kwanza.

Mwisho niliwasomea ukurasa wote kwa sauti. Baba akaitikia kila mstari. Bibi ndiye aliyenisimamisha: "Mjukuu wangu, mlango wa choo ukifungukia ndani, nikaanguka nyuma yake, mtanifikiaje?"

Nikaandika: mlango wa choo cha bibi ufungukie nje.